Usiku wa dola 340: kisa cha tilti kutoka Soweto, Moshi

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, mvua imenyesha tangu alfajiri na mlima hauonekani kabisa, kijana mmoja aliponipigia simu kuuliza kama niko nyumbani. Alifika na laptopu ndani ya mfuko wa nailoni, viatu vimejaa tope. Ni mwongoza wageni mlimani, ana miaka 31, amepanga Soweto, na tumefahamiana kwa sababu sote wawili tunacheza poka mtandaoni, mchezo ambao hapa Moshi huna watu wengi wa kuongea nao. Aliweka laptopu mezani, chai niliyomkaribisha hakuigusa, akasema, "Kaka, nimeibiwa. Angalia mwenyewe."

Hakuwa ameibiwa. Tulikaa siku mbili tukipitia usiku wake mgao kwa mgao, na kilichotokea nakiandika hapa kwa ruhusa yake, bila jina lake, kwa sababu sijawahi kuona kisa kinachoonyesha tilti, ile hali ya mchezaji kuchomwa na hasara hadi akaanza kucheza kwa hasira, waziwazi kama hiki. Poka ya mtandaoni ina faida moja ambayo karata za barazani hazina: kila mgao unahifadhiwa kwenye faili, na saa yake, karata zake na kila shilingi iliyowekwa. Mtu anaweza kujidanganya kuhusu usiku wake. Faili halidanganyiki.

Kwanza mazingira. Aprili na Mei ni masika, wageni wa mlimani wanapungua sana, na mwongozaji anakaa mjini wiki nzima bila safari. Huo ndio msimu anaocheza zaidi. Meza yake ya kawaida ni ya watu 6, blaindi, yale madau mawili ya lazima ya kila mgao, ni senti 5 na senti 10 za dola, na kiingilio chake ni blaindi kubwa 100, yaani dola 10. Mtaji wake wote wa poka siku hiyo ulikuwa dola 240, sawa na viingilio 24. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ambacho ndicho kiwango nitakachotumia hapa kote, ni 600,000. Alikuwa ameujenga polepole kwa zaidi ya mwaka mmoja, na rekodi yake ya kabla ya usiku ule ilikuwa ya mchezaji mzuri wa meza ndogo: mvumilivu, anaingia kwenye mgao takriban mmoja kati ya mitano, anatupa karata mbovu bila uchungu.

Alianza saa 2:40 usiku, meza mbili. Kwa karibu saa mbili alicheza vile ninavyomjua. Programu ya kuhesabu migao huonyesha kipimo kinachoitwa VPIP, yaani asilimia ya migao ambayo mtu ameweka pesa kwa hiari yake akiwa na karata zake mbili tu, kabla ya zile tano za mezani, ambazo ni za wote, kufunguliwa. Chake kilikuwa 22. Alikuwa mbele dola 4.

Saa 4:32 akapata A mbili. Mtu mmoja akapandisha, yeye akapandisha juu yake, wakaendelea hadi pesa zote zikaingia katikati kabla ya karata yoyote ya mezani. Mwenzake alikuwa na K mbili. A mbili dhidi ya K mbili hushinda takriban mara 82 kati ya 100, hakuna nafasi nzuri zaidi ya hiyo ambayo mchezaji ataomba. Karata nne za mwanzo zilipita salama. Kabla ya ya tano, zilibaki karata 44 ambazo hazijaonekana na mbili tu kati yake zilikuwa K. Ikaja K. Dola 10 zikaenda.

Dakika 18 baadaye, kwenye meza ile nyingine, alikuwa na 8 tatu na mwenzake akisubiri kopa moja tu akamilishe rangi, yaani kopa tano, ambazo zinaishinda 8 tatu. Pesa zote ziliingia baada ya karata tatu za mezani. Hapo 8 tatu hushinda karibu mara 3 kati ya 4. Kopa ikaja. Dola 10 nyingine.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wangesema usiku uliharibika kwenye migao hii miwili, na yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema aliponiambia ameibiwa. Mimi naona kinyume. Hii ndiyo migao miwili aliyocheza vizuri kuliko yote. Ukirudia A dhidi ya K mara 100 katika chungu, zile pesa za katikati, cha dola 20, sehemu yako ni dola 16.40 kila mara kwa wastani, nawe umeweka 10. Ukirudia ile ya 8, sehemu yako ni kama dola 15. Kwa uamuzi, alijipatia karibu dola 11. Kwa karata, alipoteza 20. Hadi hapo alikuwa chini dola 16 tu, na kama angefunga laptopu akalala, kesho yake asingekumbuka.

Hakulala. Saa 4:55 alifungua meza mbili zaidi, zikawa nne. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nilitaka zirudi haraka." Kwenye hiyo saa moja na robo iliyofuata VPIP yake ilipanda kutoka 22 hadi 41. Maana yake ni kwamba karata ambazo saa moja nyuma alikuwa anazitupa bila kufikiri, sasa anazilipia. Na mtu anayecheza meza nne hana nafasi ya kugundua kwamba amebadilika, kwa sababu kila sekunde kuna meza inayomngoja abonyeze.

Mgao mmoja wa kipindi hicho tuliuangalia mara tatu. Mtu aliyekaa kiti cha kwanza alipandisha. Yeye, akiwa na K na 9 za rangi tofauti, akafuata. K na 9 dhidi ya mtu aliyepandisha kutoka kiti cha kwanza ni karata ya kutupa, naye anajua hivyo hata akiwa usingizini. Karata za mezani zikaja na K. Yule mtu akaweka pesa mara tatu, mara ya mwisho kubwa, na kijana wetu akalipa zote tatu. Mwenzake alikuwa na A na K. Nilipomuuliza alikuwa anafikiri nini kwenye malipo ya tatu, alinyamaza, halafu akasema, "Alikuwa yuleyule wa K mbili."

Jibu hilo lilinionyesha kila kitu. Hakuwa anacheza dhidi ya karata tena, alikuwa anacheza dhidi ya mtu, na mtu mwenyewe hajui hata kama yupo. Kufikia saa 6:10 alikuwa amepoteza viingilio vitatu vingine, dola 30. Jumla chini dola 46.

Hapa ndipo palipovunjika. Saa 6:15 aliacha meza zake zote nne, akafungua meza moja ya blaindi senti 25 na 50, kiingilio dola 50. Hesabu yake ilikuwa rahisi na inasikika kama akili timamu: nimepoteza 46, nikishinda kiingilio kimoja tu hapa narudisha zote, nalala. Kwenye meza yake ya kawaida angehitaji viingilio karibu vitano kurudisha, na hilo ni zoezi la siku kadhaa.

Tamaa hii haikuanzia kwenye poka. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba mtu aliye upande wa hasara hukubali hatari ambayo angeikataa akiwa na mkono mtupu au akiwa mbele. Kinachomvuta ni ile sifuri, ule mstari aliouanzia. Lakini chumba cha poka hakijui sifuri yako iko wapi. Karata zinazogawiwa saa 6:15 usiku hazina habari kwamba mtu fulani Soweto yuko chini dola 46. Dola 46 zile zilikuwa zimeshaondoka, na swali pekee la haki lilikuwa hili: mtu mwenye dola 194, aliyechoka, anayecheza vibaya kuliko kawaida yake, akae kwenye meza yenye wachezaji wazuri kuliko aliowazoea, na kila kiingilio kiwe karibu robo ya mtaji wake? Asubuhi, akiwa na chai mkononi, asingehitaji hata sekunde moja kulijibu.

Kiingilio cha kwanza cha dola 50 kilikwisha kwa dakika 35, alipojaribu kumtisha mtu kwa karata tupu kwenye chungu kikubwa na yule mtu akalipa. Cha pili alikipoteza kwa Q mbili dhidi ya A na K, zote zikiwa ndani kabla ya karata za mezani. Hiyo simlaumu, maana Q mbili zina nafasi kidogo zaidi ya nusu, na uamuzi ulikuwa sawa. Kosa lilikuwa kiti. Mchezo unaokaribia nusu kwa nusu, ukiuchezea sehemu 1 kati ya 24 ya mtaji wako, ni jambo la kila usiku. Ukiuchezea zaidi ya theluthi ya kilichobaki, unaweza kuwa umecheza vizuri na bado ukafilisika. Cha tatu kilikwisha saa 8:20 bila hadithi ya kuvutia, kwa kulipa na kulipa tena akiwa na jozi dhaifu.

Zilibaki dola 44. Saa 8:40 usiku alichukua simu, akahamisha shilingi 250,000 kwenda kwenye akaunti yake ya mchezo, dola 100. Ilikuwa pesa ya kodi ya nyumba. Alipoifikia sehemu hiyo ya simulizi hakuniangalia usoni, nami sikumharakisha. Saa 9:50 akaunti ilisoma sifuri.

Sasa tufanye hesabu ambayo hakuwa ameifanya. Kwa jumla aliondoka na hasara ya dola 340, yaani shilingi 850,000. Karata mbaya za saa nne usiku zilichukua dola 20 kati ya hizo. Hata nikimpa na ile ya Q mbili kama bahati mbaya tupu, bahati imechukua 70. Dola 270 zilizobaki, zile 4 alizokuwa mbele kabla ya yote zikiwa zimeshapunguzwa, alizitoa kwa mkono wake mwenyewe: kwa kuongeza meza, kwa kucheza karata za kutupa, kwa kupanda daraja, kwa kuongeza pesa. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi nikamsogezea. Aliisoma muda mrefu.

Neno tilti lenyewe limetoka kwenye mashine za pinboli, zile za kupiga kigololo kwa vitufe. Mchezaji akikasirika akaitikisa mashine, inawasha neno TILT na vitufe vinakufa; mchezo wake wa kigololo kile umekwisha. Nimekuwa nikilifikiria hilo kwa miaka. Mashine ile ilijengwa na breki. Chumba cha poka hakina breki hiyo. Ukitikisika, meza inakugawia karata nyingine, na ukiishiwa kinakuonyesha kitufe cha kuongeza pesa. Kwa hiyo breki lazima ujenge mwenyewe, tena uijenge kabla, kwa sababu aliye kwenye tilti ndiye anayeulizwa kama yuko kwenye tilti.

Kumwelewesha kijana huyu jambo hilo sikutumia poka. Nilimuuliza kuhusu kazi yake.

"Mgeni yuko Barafu, mita 4,673, usiku wa kwenda kileleni. Anatapika, anayumba, anakuambia yuko sawa, amelipa pesa nyingi, lazima afike Uhuru. Unamwamini?"

"Hapana."

"Kwa nini? Si ndiye mwenye mwili wake?"

"Mwinuko unaingia kichwani, kaka. Anayezidiwa ndiye anayesema yuko sawa. Simuulizi. Namtembeza mstari, kisigino kwa kidole. Nampima oksijeni kidoleni. Akishindwa mstari, tunashuka."

"Na hayo unamwambia saa ngapi?"

"Getini. Kabla hatujaanza kupanda."

Halafu akanyamaza. Sikuhitaji kuongeza neno. Mtu ambaye miaka minane amewateremsha wageni waliokuwa wakilia na kumtukana, kwa kanuni waliyokubaliana getini, alikuwa amejiachia mwenyewe usiku kucha aamue kwa jinsi anavyojisikia.

Basi tukaanza kutafuta mstari wake wa kutembea. Tulifungua rekodi zake za vikao 41 vya nyuma. Tisa kati ya hivyo alikuwa amepoteza viingilio viwili au zaidi na akaendelea kucheza. Katika saba kati ya tisa, VPIP yake baada ya kiingilio cha pili ilizidi 30, wakati kawaida yake ni 22. Kwenye vikao alivyopoteza kiingilio kimoja tu, mabadiliko hayo hayakuonekana. Kwa hiyo tuliweka kikomo chake: viingilio viwili, siku imekwisha.

Nataka nieleze kikomo hiki kinafanya nini na hakifanyi nini, maana kuna kosa ambalo nimelisikia hata kwa watu waliocheza muda mrefu. Kikomo cha hasara hakibadilishi bahati. Anayedhani anaacha kwa sababu "leo karata zimekataa" amekosea, maana karata za mgao ujao hazikumbuki zilizopita. Mchezaji mzuri wa meza ndogo, anayeshinda kwa wastani blaindi 5 kwa kila migao 100, bado anayumbishwa na karata: mtawanyiko wa kawaida kwenye meza za watu 6 ni kama blaindi 90 kwa migao 100. Kwa kikao cha migao 600, wastani wake wa kushinda ni blaindi 30 huku mtawanyiko ukifika karibu 220. Ukipiga hesabu hiyo, kikao kimoja kati ya saba hivi kitamalizika kwa hasara ya viingilio viwili au zaidi bila yeye kukosea chochote. Kama angekuwa mashine isiyo na moyo, kikomo kingekuwa hasara kwake, kwa kuwa kingemwondoa kwenye meza anayoishinda. Kinamfaa kwa sababu moja tu: baada ya kiingilio cha pili, anayebaki kwenye kiti si mchezaji yule aliyeanza. Mwingine mstari wake unaweza kuwa vitatu, na yupo ambaye kimoja tu kinamtosha. Jibu liko kwenye rekodi zake.

Kanuni ya pili ilihusu daraja la meza. Hapandi daraja usiku, kamwe, kwa sababu yoyote. Daraja linaamuliwa mchana kwa kuangalia mtaji: meza ya senti 25 na 50 haifunguliwi hadi awe na viingilio 30 vya meza hiyo, yaani dola 1,500. Kati ya kanuni zote, hii ndiyo ingeokoa pesa nyingi zaidi usiku ule. Tilti kwenye meza ya senti 5 na 10 inauma, lakini inakula polepole. Hasara yake kabla ya kupanda ilikuwa dola 46. Iliyobaki yote ilitokea juu.

Ya tatu ni ya pesa, na hii hatukuiacha kwenye utashi. Vyumba vingi vya poka vina mpangilio wa kikomo cha kuweka pesa kwa siku, wiki au mwezi. Uzuri wake ni kwamba ukikipunguza kinafanya kazi papo hapo, lakini ukitaka kukipandisha, vyumba vingi vinakusubirisha saa 24 au zaidi. Hicho ndicho tunachokitaka: wa saa 8:40 usiku anaomba, wa kesho mchana ndiye anayejibu. Tuliweka dola 20 kwa mwezi. Na pesa ya kodi ikahamia kwenye laini ya dada yake anayekaa Majengo. Alimweleza sababu, na sikatai kwamba hilo lilikuwa gumu kwake kuliko yote. Dada alimjibu, "Mdogo wangu, ungesema mapema," na hakumsimanga.

Ya nne ni ile ninayoipenda zaidi, kwa sababu inashika tilti kabla ya kikomo cha hasara kufikiwa. Kila akipoteza chungu kinachozidi blaindi 50, anabonyeza `Sit Out` kwenye meza zote, anasimama, anaandika sentensi moja kwenye daftari: alikuwa na karata gani, mwenzake alikuwa na gani, pesa ziliingia lini, nafasi yake ilikuwa asilimia ngapi. Ndipo anaisoma kwa sauti. Sentensi ya mtu mzima kichwani inasikika hivi: "8 tatu dhidi ya kopa nne, zote ndani baada ya karata tatu, nilikuwa na 75." Sentensi ya mtu aliyeanza kuteleza ina "yule", ina "tena", ina "kila siku mimi". Tuliangalia kumbukumbu za ujumbe alizomtumia rafiki yake usiku ule wa Aprili. Saa 4:33: "A zangu zimevunjwa na K." Saa 4:51: "Hii site wananiona tu." Saa 5:20: "Yule fala nampata leo." Angekuwa na daftari, angeshuka mlima saa 4:51, akiwa chini dola 16.

Kanuni hizi hazikushika mara moja, na ningekuwa namdanganya msomaji nikisema zilishika. Katikati ya Mei alipoteza viingilio viwili kabla ya saa 3 usiku, akafunga kama tulivyokubaliana, akala, akarudi baada ya dakika 40 na kupoteza vingine viwili. Nilipomuuliza alijibu kwa dhati kabisa, "Lakini kile kilikuwa kikao kingine." Na kwa maneno tuliyokuwa tumeandika, alikuwa na haki; tuliandika "kikao" bila kusema kikao ni nini. Akili ya mtu anayetaka kurudi mezani ni wakili hodari, itapata tundu kwenye sheria yoyote. Tukafuta neno "kikao" tukaandika "siku", na siku inaisha anapoamka, si saa 6 usiku. Tukaongeza kwamba saa 5 usiku ni mwisho hata akiwa anashinda, kwa sababu migao yake ya baada ya hapo, kwenye vikao vyote 41, ilikuwa dhaifu hata siku za furaha. Furaha nayo inatikisa mashine: mtu aliye mbele viingilio vinne huanza kulipa karata za kutupa kwa kuwa "ni pesa zao".

Kuna mipaka miwili ambayo sitaki kuipita kimya. Wa kwanza: kanuni za kuacha hazimgeuzi mtu anayeshindwa kuwa anayeshinda. Chumba kinakata kamisheni kwenye vyungu, na mchezaji wa kawaida, hata mtulivu, anaweza kuwa anashuka taratibu mwezi hadi mwezi. Angalia rekodi za vile vipindi vyako vya utulivu peke yake, migao elfu kadhaa. Kama hata hivyo vinashuka, shida yako haiko kwenye tilti, na kikomo kitachelewesha tu mwisho.

Wa pili ni mzito zaidi. Tilti ni jambo la usiku mmoja. Linakuja na linaondoka. Kijana huyu alihamisha pesa ya kodi, na hilo lilinifanya nimuulize maswali ambayo hayana uhusiano na karata. Je, umewahi kukopa ili ucheze? Umewahi kumficha mtu wa nyumbani kiasi ulichopoteza? Ukikaa siku tatu bila kucheza, unakosa usingizi? Alijibu hapana kwa la kwanza na la tatu, ndiyo kwa la pili. Nilimwambia wazi: ikitokea tena mara moja, pesa ambayo si ya mtaji ikaingia mezani, tunaacha habari ya kanuni. Anajifungia akaunti kwa ule mpangilio wa kujizuia ambao chumba chenyewe kinao, na tunakwenda pamoja kumwona mtaalamu wa afya ya akili hospitalini. Kwa mtu aliyefika huko, kumpa kikomo cha hasara ni sawa na kumpa mgonjwa wa mwinuko dawa ya kichwa ili aendelee kupanda.

Hadi sasa haijatokea. Juni wageni walirudi, akapanda mara mbili, na pesa ya kodi inayokaa kwa dada akaijaza kwa bakshishi ya safari ya Lemosho. Mtaji wake ulianza upya kwa dola 20, akicheza meza za senti 1 na 2, ambako kiingilio ni dola 2. Mara ya mwisho tulipoonana ulikuwa dola 61. Alinionyesha daftari. Ukurasa wa juu uliandikwa tarehe 9 Julai, kalamu ya bluu: "Q mbili dhidi ya J mbili, zote ndani mapema, nilikuwa na 81. J karata ya nne. Kiingilio cha pili leo. Saa 3:26." Chini yake mstari mmoja tu: "Nimefunga. Naenda kununua mkate kabla duka halijafungwa."